Aliyewahi kupata degedege atibiwe nyumbani?

Swali: Niko zahanati ya kisiwani Ukerewe. Mvuvi wa miaka 41, mnywaji wa gongo kila siku, aliacha jana saa 2 usiku. Leo saa 4 asubuhi anatetemeka na kutoka jasho, ila anajibu vizuri. Mwaka juzi alipoacha alianguka degedege. Mkewe anataka nimpe diazepamu wakae nyumbani. Nimruhusu?

Jibu: Hapana, dada. Mpeleke hospitali leo. Kinachoamua hapa ni lile degedege la mwaka juzi, maana aliyewahi kulipata akiacha pombe yuko katika hatari kubwa ya kulipata tena, na kutetemeka kidogo asubuhi hii kusikutulize.

Hesabu saa. Degedege la kuacha pombe huja zaidi kati ya saa ya 6 na ya 48 tangu kinywaji cha mwisho. Yeye yuko saa ya 14, hivyo hatari inaendelea hadi kesho usiku. Baada ya hapo, siku ya pili hadi ya nne, ndipo wengine huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo na kupata homa. Hali hiyo huua.

Kabla hajapanda meli mpe diazepamu miligramu 10 ya kumeza, mradi hasinzii na hana pombe mwilini, pamoja na thiamini. Asisafiri peke yake, wala asikae ukingoni mwa chombo. Kama amekonda, anatapika au hali chakula, thiamini ya vidonge hainyonywi vya kutosha, hivyo achomwe sindano, na itangulie dripu yoyote ya glukosi. Macho yanayochezacheza, mwendo wa kuyumba au kuchanganyikiwa ni dalili kwamba ubongo umekosa vitamini hiyo, na hapo hospitali atahitaji dozi kubwa ya mshipani.

Akianguka kabla ya kuondoka, mlaze ubavu, pima sukari, kisha mpe diazepamu miligramu 10 polepole mshipani, ukiangalia anavyopumua. Mshipa ukikosekana, ipitishe njia ya haja kubwa. Usichome msuli, kwani hapo dawa hufyonzwa taratibu na bila uhakika.

Nyumbani ningemwacha mtu asiyewahi kuanguka wala kuchanganyikiwa akiacha pombe, asiye na manjano, homa, mimba wala jeraha la kichwa, anayekula, na mwenye mtu mzima wa kukaa naye usiku na mchana. Huyo hupewa diazepamu miligramu 10 mara nne kila siku kwa siku mbili za mwanzo, kisha mara tatu siku ya tatu, mara mbili siku ya nne, na moja ya usiku siku ya tano, pamoja na thiamini miligramu 100 kila siku. Vidonge ashike mke, na akimkuta amesinzia sana aruke dozi. Akirudia kunywa, diazepamu isimamishwe, kwa sababu viwili hivyo pamoja huzima pumzi.

Kuhusu mvuvi wako, akiwa na homa mpime malaria, usiihesabu yote kuwa ya pombe. Kwenye barua ya rufaa andika saa ya kinywaji cha mwisho, saa ya diazepamu, na lile degedege la mwaka juzi.