Kabla ya kujumlisha miraba, itafute kwanza pembe mraba

Swali lilikuwa fupi. Pembetatu ABC ina upande AB wenye sentimita 5 na upande AC wenye sentimita 8, na pembe A, iliyo kati ya pande hizo mbili, ni digrii 60. Tafuta urefu wa BC. Mimi nilikuwa nimefundishwa kanuni ya Pithagoras siku chache tu kabla ya hapo, na kila pembetatu iliyopita mbele yangu niliiona ni ya kanuni hiyo. Mraba wa 5 ni 25, mraba wa 8 ni 64, jumla 89, kipeuo chake cha pili ni 9.43. Nikapiga mstari chini ya jibu, tena mara mbili, kwa rula.

Nilipata sifuri. Nikaenda na daftari kulalamika. "Mwalimu, hesabu yangu haina kosa hata moja." Akaniambia ni kweli, hesabu haina kosa, ila nimeifanyia pembetatu nyingine.

Hakunieleza zaidi kwa maneno. Alichukua vijiti viwili, kimoja cha sentimita 5 na kingine cha sentimita 8, akavifunga pamoja kwenye ncha moja ili viweze kufunguka na kufunga kama mkasi. Akanipa rula, akaniambia, "Haya, pima umbali kati ya ncha hizi mbili huru." Vijiti vilipolaliana kabisa, umbali ulikuwa sentimita 3, yaani 8 toa 5. Alivyozidi kuvifungua, umbali ukazidi kukua, hadi viliponyooka vikawa mstari mmoja na umbali ukafika sentimita 13. Kati ya 3 na 13 umbali ulipita kila mahali, na jibu langu la 9.43 lilipitwa mara moja tu, pale vijiti vilipofanya pembe mraba. Kabla ya hapo umbali ulikuwa mdogo kuliko 9.43, na baada ya hapo ukawa mkubwa.

Tangu siku hiyo, na sasa kwa kuwa mimi ndiye ninayefundisha wengine, huanza na vijiti kabla ya kuandika herufi yoyote ubaoni. Kanuni inayosema jumla ya miraba ya pande mbili ni sawa na mraba wa upande wa tatu inazungumzia sekunde ile moja tu vijiti vinapopita digrii 90. Pembe ikiwa kali, jumla ya miraba inazidi mraba wa upande wa tatu. Pembe ikiwa butu, jumla inapungua. Anayetumia kanuni bila kuuliza pembe ni ngapi amejaza mwenyewe kipimo ambacho swali halikumpa.

Kinachofanya kosa hili liwe baya ni kwamba jibu lake halionekani kuwa la ajabu. Angalia lile la kwangu: 9.43 ni kubwa kuliko 8 na ni dogo kuliko 13, kwa hiyo pembetatu ya pande 5, 8 na 9.43 ipo na inaweza kuchorwa bila shida. Hakuna kengele inayolia. Kengele iko mahali pamoja tu, kwenye pembe. Upande mrefu kuliko yote hutazamana na pembe kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa nimefanya BC, inayotazamana na digrii 60, iwe ndefu kuliko zote, jambo ambalo lingelazimu pembe mbili zilizobaki ziwe ndogo kuliko 60. Lakini zikiwa hivyo, pembe zote tatu hazitafika 180. Ningetazama hapo kabla ya kuchukua rula, ningejua.

Sasa jibu sahihi. Watu wengi wakiambiwa kwamba kanuni ya Pithagoras haifai hapa, huiacha kabisa na kwenda kutafuta kanuni nyingine ya kukariri. Hakuna haja. Kama pembetatu haina pembe mraba, itengeneze. Kutoka B shusha mstari uliosimama wima juu ya AC, mahali unapogusa paite D. Sasa una pembetatu mbili, ABD na BDC, na zote zina pembe mraba pale D.

Anza na ABD. Ina digrii 60 pale A na 90 pale D, kwa hiyo pale B ni 30. Pembetatu ya namna hii ni nusu ya pembetatu yenye pande zote sawa iliyokatwa katikati, ndiyo maana AD ni nusu ya AB, yaani 2.5. Upande unaotazamana na pembe mraba ni AB, wenye 5. Kwa hiyo mraba wa BD ni 25 toa 6.25, yaani 18.75. Usitafute kipeuo bado, utapata desimali ndefu za kukusumbua bure. Nenda kwenye BDC. DC ni 8 toa 2.5, yaani 5.5, na mraba wake ni 30.25. Jumlisha na 18.75 unapata 49. BC ni sentimita 7 kamili.

Saba, si 9.43. Tofauti ya karibu sentimita mbili na nusu kwenye mchoro unaoenea kwenye kiganja cha mkono.

Umeona kwamba katika kazi hiyo moja nilitumia kanuni mara mbili, mara ya kwanza kwa kutoa na mara ya pili kwa kujumlisha. Hapo ndipo lilipo kosa la pili, na kwa uzoefu wangu ndilo linalowaangusha wanafunzi wengi zaidi, hata wale ambao hawawezi kudanganyika na pembe ya digrii 60.

Mwanafunzi mmoja aliniletea hili: pembetatu PQR ina pembe mraba pale Q, PQ ni 5, PR ni 13, tafuta QR. Alikuwa ameandika 25 jumlisha 169 ni 194, kipeuo 13.93. Nikamuuliza upande mrefu kuliko yote ni upi. Akajibu bila kusita, "Si huo ninaoutafuta, Mwalimu?" Na ukifikiri, ana sababu. Mifano yake yote ya kwanza ilimpa pande mbili fupi na kumwomba ule mrefu. Kichwani mwake "upande usiojulikana" na "upande mrefu" vimekuwa kitu kimoja, na kanuni imekuwa ni kujumlisha tu.

Lingine linalochangia ni michoro yetu walimu. Tunachora pembe mraba chini kushoto, kila siku, na upande mrefu unakuwa ule ulioinama. Basi mtoto anajifunza kuutambua kwa kuinama kwake. Igeuze pembetatu hiyo ilale juu ya upande wake mrefu, pembe mraba iwe juu kama kilele cha paa, na utaona darasa zima likiuita upande ule wa chini "kitako" na kuanza kugombania ni upi mrefu kati ya ile miwili iliyoinama. Siku hizi mchoro wangu wa kwanza kabisa ni huo uliolala. Wanalalamika kidogo, lakini wanaacha kutazama mwinamo na kuanza kutazama pembe.

Swali lisipokuwa na mchoro kuna njia rahisi, na sijui kwa nini haifundishwi mapema. Pembe mraba iko Q? Basi upande mrefu ni ule ambao jina lake halina herufi Q. Pande PQ na QR zote zinaanzia kwenye hiyo pembe, PR peke yake iko ng'ambo yake. Kwa hiyo PR, ile 13, ndiyo inayosimama peke yake upande mmoja wa alama ya sawasawa: mraba wa QR ni 169 toa 25, yaani 144, na QR ni 12. Usiamini herufi a, b na c za kwenye kanuni, maana mtunzi wa swali anaweza kuuita upande mrefu a, na ana haki hiyo.

Kosa hili la pili, tofauti na la kwanza, lina kengele inayolia vizuri. Jibu la 13.93 lilikuwa refu kuliko PR, na hakuna upande unaoweza kuwa mrefu kuliko ule unaotazamana na pembe mraba. Linganisha tu namba mbili na umelikamata. Lakini ulinganifu huo unasaidia pale tu unapojua pembe mraba iko wapi. Nikikuambia pembetatu yenye pembe mraba ina pande za 6 na 10, kisha nikanyamaza, kuna majibu mawili yaliyo halali. Kama 10 ndiyo ndefu kuliko zote, uliobaki ni 8. Kama 6 na 10 zinakutana kwenye pembe mraba, uliobaki ni 11.66. Anayeandika 8 haraka kwa sababu namba imetoka nzima amebahatisha.

Ukifanya kazi kinyume, yaani umepewa pande zote tatu na unaulizwa kama kuna pembe mraba, mtego ni uleule. Kwa pande 17, 8 na 15, anayefuata mpangilio wa maandishi atajumlisha miraba ya 17 na 8, apate 353, aone si 225, na kusema hapana. Zipange kwanza kwa ukubwa: 64 na 225 ni 289, ambayo ni mraba wa 17. Pembe mraba ipo. Na usitegemee macho kwa hili. Pembetatu ya pande 5, 6 na 8 ukiichora utaapa kuwa ina pembe mraba, lakini 25 na 36 ni 61, na mraba wa 8 ni 64. Pembe yake kubwa ni karibu digrii 93.

Limebaki jambo moja kuhusu ule mstari wa kushusha. Pembe ikiwa butu, mstari unaangukia nje ya pembetatu, na wengi hapo hupotea. Chukua pande 3 na 5 zenye digrii 120 kati yao. Anayekimbilia kanuni atapata kipeuo cha 34, yaani 5.83. Wewe refusha ule upande wa 5 kupita kwenye ile pembe, kisha shusha mstari kutoka ncha ya upande wa 3. Pembe ya nje ni digrii 60, kwa hiyo mstari unagusa umbali wa 1.5 kutoka kwenye pembe, na mraba wa kimo ni 9 toa 2.25, yaani 6.75. Kitako sasa ni 5 jumlisha 1.5, yaani 6.5, na mraba wake ni 42.25. Jumla ni 49, na upande ni 7 tena. Pembe ikiwa 50 au 110 hutapata nusu safi namna hii. Itabidi usome kosaini kwenye kikotoo ili ujue mstari unagusa wapi, na hatua nyingine zote zinabaki zilezile.