Barafu yako ni sifuri kweli? Maswali ya vipimajoto kutoka Lamu na Malindi

Salaam aleikum, Fundi. Nimetumbukiza kipimajoto cha friji ya chanjo kwenye glasi ya maji na barafu, kikasoma 2.5 badala ya 0. Nikitupe? (Muuguzi, Faza)

Waaleikum salaam, dada. Usikitupe bado, kwani nashuku glasi kabla ya kipimajoto. Maji huwa mazito zaidi yakiwa karibu na digrii 4. Vipande vya barafu vikielea juu, maji ya digrii 3 au 4 hushuka na kutulia chini, palepale ulipoweka lile tungi dogo la kipimajoto. Umepima maji ya chini, na huenda umeyapima sawasawa.

Fanya hivi. Tafuta themosi ya mdomo mpana, ile ya uji. Gandisha maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri za gari, ila soma chupa vizuri kwa sababu tindikali ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Ivunje barafu iwe chenga ndogo kama punje za mahindi, bila kuishika kwa mikono mitupu, maana jasho lina chumvi. Ijaze themosi kwa barafu kutoka chini hadi juu, kisha mimina maji yaleyale yaliyokenekwa, yaliyokwisha kupozwa, mpaka mianya yote ijae. Barafu ikianza kuelea, maji yamezidi: yanyonye kwa mpira mwembamba uliofika chini, halafu ongeza barafu.

Itazame rangi. Barafu nyeupe kavu inayong'ata ncha ya kijiko ingali na baridi ya friza, na inaweza kuwa chini ya sifuri. Ikilowa ikawa kama kioo chenye ukungu, imefika. Zamisha kipimajoto wima mpaka alama ya 0 ibaki juu kidogo tu ya barafu, ngoja dakika 15 hadi 20, kigonge taratibu kwa kidole, kisha soma jicho likiwa sawa na alama. Ukiangalia kutoka juu au chini utasoma kosa la jicho lako. Ngoja dakika tano, usome tena. Masomo mawili yakipishana, subiri zaidi, halafu tazama kama maji hayajajikusanya chini.

Friji ya chanjo hutakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Kipimajoto kinachozidisha 2.5 kingekuonyesha 2 huku chanjo zikiwa chini ya sifuri zinaganda, na ndiyo maana nakuomba urudie jaribio hili leo kabla ya kuamua lolote.

Fundi, hapa kwetu maji yaliyokenekwa ni ya kuagiza. Nikigandisha maji ya kisima, yana uchumvi kidogo tu, kuna ubaya? (Mwalimu wa sayansi, Lamu)

Ubaya upo, na mwalimu mwenzangu unaweza kuwafanyisha wanafunzi hesabu yake. Gramu moja ya chumvi ya mezani katika lita moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa takriban digrii 0.06. Visima vingi vya visiwani vina zaidi ya hapo, hasa ukiondoka kwenye michanga ya Shela ambako mji wa Lamu huteka maji yake. Maji ya bahari yenyewe, yenye gramu kama 35 kwa lita, huganda karibu na digrii 1.9 chini ya sifuri. Kwa hiyo usijaribu kabisa barafu ya samaki iliyotoka kwenye kasha la mashua: imeshaonana na maji ya bahari, na itakufanya ukilaumu kipimajoto kisicho na kosa.

Maji ya mvua ya jabia ni afadhali mara nyingi, ikiwa jabia ni safi na mvua si ya kwanza, ile inayoosha vumbi na chokaa ya sakafu. Yapime hivi: tengeneza themosi mbili, moja ya maji ya jabia, nyingine ya chupa moja tu ya maji yaliyokenekwa, na uhamishe kipimajoto kilekile kati ya hizo mbili. Zikilingana kwa kadiri jicho lako linavyoweza kusoma, jabia lako linatosha kwa kipimajoto hicho.

Kipimajoto changu cha zebaki kilipopimwa zamani kilisoma 0.0 kwenye barafu. Sasa kinasoma 0.3. Nitoe 0.3 kwenye sifuri tu, au kila mahali? (Mstaafu wa maabara, Malindi)

Kila mahali, mzee wangu, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kioo cha tungi kikishapulizwa hakitulii mara moja. Huendelea kujikaza kidogo kidogo kwa miaka, tungi likipungua ujazo, na zebaki iliyokosa nafasi hupanda kwenye shina. Tungi lina zebaki kama mara 6,000 ya ile inayojaza nafasi ya digrii moja. Kupanda kwa 0.3 maana yake tungi limepungua kwa sehemu moja katika 20,000 tu, jambo ambalo jicho halitaliona kamwe. Lakini zebaki iliyosukumwa juu ni ileile ukisoma 10, 40 au 90, kwa kuwa shina na alama zake havijabadilika.

Tuseme cheti chako cha zamani kinasema kwenye 60 uongeze 0.1. Ulikuwa ukisoma 60.0 na kuandika 60.1. Sasa toa 0.3 juu ya hapo: joto la kweli ni 59.8. Huhitaji kupima upya kila alama, na hapo ndipo thamani ya jaribio la barafu ilipo kwa vipimajoto vya kioo.

Kabla ya kuandika hiyo 0.3, hakikisha mambo mawili. Kwanza, tazama mstari wa zebaki kwa kioo cha kukuzia uone kama haujakatika. Kipande kilichojitenga juu hufanya kipimajoto kisome zaidi, na kosa hilo huja ghafla, mara nyingi baada ya safari ya gari au kuanguka, si kwa miaka. Cha spiriti hufanya kinyume: matone hujibana juu ya shina, mstari ukapungua. Pili, je, umekitia kwenye maji ya moto wiki hii? Tungi lililopashwa hutanuka, na likipoa halirudi palepale papo hapo. Litasoma chini kidogo kwenye barafu kwa siku kadhaa. Kiache siku 3 kwenye joto la chumba, kisha ndipo ukipeleke barafuni.

Sisi tuna Pt100, kipimajoto cha waya wa platini, kwenye chumba cha baridi cha samaki. Kwenye barafu inasoma −0.5. Nimeongeza 0.5 kwenye kidhibiti, nimefanya sawa? (Fundi wa majokofu, Malindi)

Hapana, ndugu yangu, na nakuomba uitoe hiyo 0.5 mpaka ujue imetoka wapi. Kioo hukosea kwa njia chache zinazotabirika. Waya wa platini una njia nyingi, na kila moja hurekebishwa kivyake.

Pt100 huwa na ukinzani wa omu 100 kwenye sifuri, na kila digrii moja huongeza karibu omu 0.39. Nitakusimulia moja niliyoifungua mwenyewe, maana ilikuwa na dalili hiihii yako. Nilianza kwa kuondoa kifaa kwenye kidhibiti na kukipima kwa mita ya nyaya nne kikiwa bado barafuni. Kilisoma omu 99.80. Upungufu wa 0.20 ukiugawa kwa 0.39 unapata digrii 0.5. Kidhibiti kikawa kimesafishika jina lake: kosa lilikuwa ndani ya kifaa.

Sasa, platini iliyogongwa au kupindwa kwa kawaida huongezeka ukinzani, haipungui. Ukinzani ukipungua, fikiria umeme unaopita njia ya mkato. Nilipima kati ya nyaya na bomba la chuma linalozifunika. Kifaa kizima hutakiwa kionyeshe omu milioni 100 au zaidi, hiki kilionyesha makumi ya maelfu tu. Uvujaji wa omu 50,000 ukiwa sambamba na omu 100 hukupa 99.80 kamili. Gundi ya kuziba kichwa ilikuwa imepasuka, na hewa yetu ya pwani ilikuwa imeingia na unyevu wake kwenye ule unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu unaotenga nyaya, unga unaonyonya maji kama chumvi ya jikoni wakati wa masika.

Ndiyo maana kuongeza 0.5 hakufai. Kosa la unyevu hubadilika na hali ya hewa: kile kifaa kilisoma −0.5 asubuhi na −0.2 baada ya kukaa juani saa chache. Nilikikausha kwenye oveni ya digrii kama 110 usiku kucha, nikaziba kichwa kwa gundi mpya kingali na uvuguvugu, nikarudi barafuni: omu 99.98, yaani kosa la 0.05 tu.

Kama chako kingesoma juu, ningekuuliza nyaya ni ngapi. Kifaa cha nyaya mbili hakiwezi kutofautisha platini na kutu. Skrubu iliyoliwa na chumvi ikiongeza omu 0.39, kidhibiti huona digrii nzima zaidi. Na kama ni platini yenyewe iliyopanda, tuseme hadi 100.12, usitoe namba moja kila mahali kama kwa zebaki. Ukinzani wote umezidishwa kwa kiwango kilekile, hivyo kosa la 0.3 kwenye barafu huwa zaidi ya 0.4 kwenye maji yanayochemka. Andika 100.12 kama sifuri mpya ya kifaa, ikiwa kidhibiti kinaruhusu.

Jambo moja dogo: zamisha angalau sentimita 12 kama bomba lako ni la milimita 6. Livute juu sentimita 3. Namba ikibadilika, joto la chumba linateremka kwa bomba na hujafika sifuri.

Nikishapima barafu, nichemshe maji nipate na 100? (Mwanafunzi, Malindi)

Kwanza soma alama ya juu ya kipimajoto chako, mwanangu. Kinachoishia 50 kitapasuka. Hata kinachofika 110, utapata joto linalofuata hewa ya siku hiyo: digrii 99.97 shinikizo likiwa hektopaskali 1013.25, na takriban 0.03 pungufu kwa kila hektopaskali moja inayoshuka. Utahitaji shinikizo la mahali ulipo, na kupima mvuke badala ya maji, maana maji yenyewe hupita kiwango chake kabla ya kutoa mapovu.

Ukitaka nukta ya pili iliyo karibu na joto la kazi zetu, ni galiamu, metali inayoyeyuka kwenye digrii 29.7646. Hapa Malindi kuna tatizo la kuchekesha wageni: mchana wa Machi utaikuta imeshayeyuka kabatini. Inabidi kuigandisha kwenye friji kwanza, na huwa kaidi, hushuka chini ya kiwango chake bila kuganda mpaka utie punje ya galiamu ngumu. Iweke kwenye chombo cha plastiki. Ikiganda hutanuka kama barafu na kuvunja kioo, na usiiache iguse sufuria ya alumini, itaila.