Hamisi Juma au Juma Hamisi?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Nimeunganisha madaftari mawili ya wanachama, jumla majina 212. Daftari moja lilianza na jina la mtu, jingine na jina la ukoo, na sasa yote yamechanganyika. Niyaandike vipi yawe sawa ndipo niyapange kwa alfabeti? Na je, ni sahihi kuliita "jina la ukoo" kwa kila mtu?*

Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua hayo mengine.

Si kila Mswahili ana jina la ukoo. Haule na Mwakyusa ni majina ya koo, na ndugu wote hulishiriki moja. Lakini Juma Hamisi Salum, kwa desturi ya pwani na Visiwani, ni Juma, mtoto wa Hamisi, mjukuu wa Salum. Mwanawe ataitwa, tuseme, Ali Juma Hamisi, na Salum atakuwa ametoka kwenye jina. Hata Nyerere halikuanza kama jina la ukoo: lilikuwa jina la baba yake Mwalimu, Chifu Nyerere Burito, kisha likashika kwa watoto na wajukuu. Kwa hiyo ukiandika "jina la ukoo" juu ya safu, mwanachama wa Tanga atajaza jina la babu na wa Njombe atajaza la ukoo, na wote watakuwa wamekujibu vizuri wawezavyo. "Jina la mwisho" nalo linakwama pale unapoliandika mwanzo. Mimi hutumia *ubini*. Limetokana na *bin*, nalo linabeba jina la baba na la ukoo pia. Juu ya safu zako andika "Ubini" na "Majina mengine".

Sasa mpangilio. Kwa Kiswahili jina likiandikwa kwa mfululizo wake wa kawaida halina koma: Petro Haule. Ukilipindua ubini ukatangulia, koma ndiyo inayomwambia msomaji kwamba limepinduliwa: Haule, Petro. Shida yako inaanzia hapo, maana waandishi wengi wa madaftari hupindua jina bila kuweka koma. Haule Petro bado anasomeka, kwa kuwa Petro hawezi kuwa ukoo wa Haule. Ila ukikutana na Hamisi Juma, au Chacha Marwa, jina lenyewe halikuambii kitu. Yote mawili ni majina ya watu, na yote mawili ni majina ya baba za watu.

Usikisie. Rudi kwenye madaftari ya karatasi, na kabla ya jambo lolote ongeza safu ya kuonyesha kila jina limetoka daftari lipi, A au B. Kisha tazama majirani wa jina lenye utata. Tuseme katika daftari B mistari imefuatana hivi: Haji Mwanaidi, Hamisi Juma, Haule Petro. Mwanaidi na Petro ni majina ya kupewa mtu, na yamekaa nyuma. Mwandishi alikuwa anatanguliza ubini, basi hata Hamisi hapo ni ubini. Mfuatano wa alfabeti peke yake usikutoshe, kwa sababu hata orodha iliyopangwa kwa majina ya watu ingepanda vivyo hivyo; wanaotoa ushahidi ni Petro na Mwanaidi. Yatakayobaki na utata hata baada ya hapo, mpigie simu mwenye jina. Katika orodha ya ukubwa wako hayatakuwa mengi.

Ukishajua, weka koma kwa mkono katika kila jina lililopinduliwa, yale mengine yaache yalivyo. Kazi iliyobaki kompyuta inaiweza. Katika Excel, ikiwa majina yako safu ya A kuanzia mstari wa pili, andika hii kwenye B2 upate ubini:

```
=IF(ISNUMBER(FIND(",",A2)),TRIM(LEFT(A2,FIND(",",A2)-1)),TRIM(RIGHT(SUBSTITUTE(TRIM(A2)," ",REPT(" ",100)),100)))
```

Na hii kwenye C2 upate majina mengine:

```
=IF(ISNUMBER(FIND(",",A2)),TRIM(MID(A2,FIND(",",A2)+1,100)),TRIM(LEFT(TRIM(A2),LEN(TRIM(A2))-LEN(B2))))
```

Ya kwanza inauliza kama kuna koma. Ikiwepo, inachukua kilicho kabla yake. Isipokuwepo, inachukua neno la mwisho. Zishushe zote mbili hadi mwisho wa orodha, kisha panga kwa safu ya B, na wanaofanana ubini uwapange kwa safu ya C.

Baada ya hapo pitia kwa macho, kwa kuwa fomula haijui Kiswahili. *Shaaban bin Robert* itakupa ubini Robert na majina mengine "Shaaban bin", ile *bin* ikining'inia bila mwenyewe. Iondoe, kwenye orodha haina kazi. Al-Busaidi mwenye kistari atatoka salama, lakini Al Busaidi aliyeachiwa nafasi atapoteza Al yake, basi waandike wote kwa kistari. Vyeo kama Mchungaji, Hajati au Dkt. viwe na safu yao, la sivyo Mchungaji atageuka kuwa jina la mtu.

Kosa ninalolihofia zaidi ni jingine. Daftari A limeandika Juma Hamisi Salum, daftari B limeandika Hamisi, Juma. Baada ya kupanga, mmoja yuko S na mwingine yuko H, mbali kabisa, na huenda ni mtu mmoja aliyeandikwa majina matatu huku na mawili kule. Mkulima huyo atahesabiwa mara mbili siku ya malipo. Kwa hiyo ipange orodha mara ya pili kwa safu ya C, Juma wote wakae pamoja, ndipo ulinganishe namba zao za simu. Mimi ningewataka wote waandike majina matatu tangu mwanzo.

Kuhusu alfabeti yenyewe, kamusi haikufundishi jambo moja. Katika Kiswahili *c* haisimami peke yake, kwa hiyo maneno ya *ch* hukaa tu baada ya *b* na hakuna anayegombana nayo. Majina ya watu ni tofauti. Utakuwa na Cecilia, Chacha na Cosmas katika orodha moja, na hapo unafuata herufi moja moja: Cecilia, Chacha, Cosmas. Usimtengee Chacha fungu la *ch*, msomaji atamkosa. Q na X pia, ambazo hatuna katika maneno yetu, zipe nafasi zake za kawaida kwa ajili ya kina Quresh na Xavier.

Ng' nayo ina mtego. Excel hupuuza kibainishi inapopanga, hivyo Ng'wandu atakaa kana kwamba ameandikwa Ngwandu, na hilo halina ubaya. Ubaya ni pale mmoja alipoandika kwa alama iliyonyooka na mwingine kwa iliyopinda kama koma ya juu. Kwa macho ni jina moja, kwa kompyuta ni mawili, na ukimtafuta kwa moja unaweza usimpate wa pili. Chagua iliyonyooka, ubadilishe zote kwa mkupuo mmoja kabla hujaanza kupanga.