Mteja akikuuliza bei yako ya mwisho, umjibu nini?

Wiki iliyopita dada mmoja wa Morogoro, fundi cherehani, aliniandikia ujumbe. Ameitwa kujadili zabuni ya sare za shule na aliniuliza swali moja tu: "Kaka, nifunguke au nifunge mdomo?" Nilikuwa nimetoka kusaini mkataba wa vitanda 36 siku tatu kabla, na bado moyo ulikuwa umejaa. Nikaona jibu la mstari mmoja lingekuwa kumdhulumu.

Mimi ni seremala, karakana yangu ipo Keko. Swali hilo limenitafuna miaka mingi, na nimekosea pande zote mbili.

Mwaka 2019 nilifunguka. Mwenye nyumba ya wageni alitaka vitanda 20. Tulikaa juu ya benchi la kazi, maranda yamejaa miguuni, akaongea nami kama ndugu. Nikamwambia kitanda kimoja kinanigharimu 280,000, nikamwambia na kodi ya karakana imefika mwisho wa mwezi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akainua kichwa: "Basi fundi, nakuongezea elfu kumi kila kimoja." Vitanda 20, faida laki mbili. Nilikubali kwa sababu kodi ilikuwa inanisubiri, naye alijua hivyo kwa kuwa nilimwambia mwenyewe. Mpaka leo nikipita mtaa ule naangalia upande mwingine.

Baada ya hapo nikafunga mdomo. Aliyefuata alitaka vitanda vya bweni, akaniuliza nitavikamilisha lini, nikamjibu, "Hilo niachie mimi." Akauliza mbao natoa wapi, nikacheka tu. Kazi ikaenda kwa fundi mwingine. Baadaye nilisikia kwamba yule alikubali kuvipeleka kwa awamu mbili, nusu kwanza, nusu baada ya mwezi. Mimi awamu ningezipenda zaidi yake! Lakini mteja hakulijua hilo, na mimi sikujua kwamba kwake ilikuwa sawa.

Wataalamu wawili wa Marekani, David Lax na James Sebenius, waliueleza mtego huu mwaka 1986. Mkifichana, mnakosa kuona vitu ambavyo vingewanufaisha wote wawili. Ukifunguka peke yako, mwenzako anachukua hicho ulichokionyesha. Kila mmoja akiona usalama wake ni kuficha, wote mnaondoka na kidogo. Nilipokuja kuelewa hivyo ndipo nikaacha kujiuliza niseme au nisiseme, nikaanza kujiuliza niseme nini.

Sasa hivi vitanda 36. Mteja ni mzee mwenye hoteli mpya Bagamoyo. Kabla hajaja niliandika daftarini hesabu zangu. Gharama halisi, pamoja na usafiri, ni 330,000 kwa kitanda. Akinipa advansi ya asilimia 30, lazima nikakope pesa ya mbao, na riba inanila 35,000 kwa kila kitanda. Akitaka vyote 36 ifikapo mwisho wa Novemba, nalipia tanuru la kukaushia mbao na vibarua wa usiku, 35,000 nyingine. Kwa hiyo kwa masharti magumu kuliko yote, chini ya 400,000 natengeneza hasara.

Mzee akafungua na 380,000, kisha akauliza swali lile lile: "Fundi, bei yako ya mwisho ngapi?"

Zamani ningeitaja, au ningedanganya. Safari hii nilimwambia, "Mzee wangu, inategemea utanilipaje na unavitaka lini." Jibu hilo ni la kweli kabisa na halimpi namba. Nikaongeza jambo moja dogo: mbao nilizonazo zilizokauka hazitoshi vitanda vyote. Kisha nikanyamaza.

Kunyamaza hapo ndiko kipimo. Umetoa kidogo, subiri uone kama naye atatoa. Angesema, "Hilo tatizo lako, punguza bei," ningefunga daftari la habari na kubaki kwenye bei tu. Lakini alikaa kidogo, akagusa ubao wa kichwa cha kitanda uliokuwa pale, akasema kuna wageni wameshaweka nafasi za Desemba. Hakusema wangapi. Ilinitosha kujua kwamba tarehe inamuuma.

Hapo nikamwekea mezani mafungu matatu kwa pamoja:

La kwanza, 500,000 kwa kitanda, advansi asilimia 30, vyote mwisho wa Novemba. La pili, 465,000, advansi asilimia 60, vyote Novemba. La tatu, 430,000, advansi asilimia 60, vitanda 12 Novemba na 24 mwisho wa Februari.

Piga hesabu uone: yote matatu yananiachia 100,000 ile ile kwa kitanda. Kwangu hayana tofauti, kwake yana tofauti kubwa, na akichagua ananionyesha anachokithamini bila mimi kumchokonoa. La kwanza alilikataa palepale. Akarudi kwenye la tatu, akauliza, "Hivyo 12 vinaweza kuwa 14?" Nikajua vyote 36 kwa mpigo havikuwa hitaji lake tangu mwanzo. Vyumba vilivyokuwa tayari havikuzidi 14. Na advansi haikumshtua hata kidogo, maana mkopo wake wa benki ulikuwa umeshatoka.

Mafungu nayo yana hatari zake, dada yangu. Mteja mjanja atataka bei ya fungu la tatu na tarehe ya fungu la kwanza. Mzee alijaribu. Nikamwambia bei inakwenda na masharti yake, haziachani. Tena yeyote anayejua kutoa na kujumlisha ataona kwamba advansi kwangu ina thamani ya 35,000. Hiyo nilikubali aione. Asichokiona ni ile 330,000, na hiyo sikuitaja wala kuigusia. Kwa hiyo mwambie mtu ni nini kinakubana na kipi unakipenda kuliko kipi. Namba ya chini kabisa na shida za nyumbani zibaki kwako. Na usidanganye. Ukibanwa, sema, "Hiyo siwezi kukutajia." Nawaambia vijana wangu wa karakana kila siku, kukataa kujibu si uongo.

Kwenye bei tukavutana kama kawaida, maana kufunguka hakuondoi kuvutana. Tukafika 420,000, vitanda 14 kwanza. Faida yangu 90,000 mara 36, yaani 3,240,000, na advansi ya 9,072,000 iliingia bila mimi kugusa mlango wa mkopeshaji.

Tulipokwisha kusaini, wakati hakuna tena anayeogopa kupoteza, nilimuuliza, "Mzee, kuna kitu tungeweza kukipanga vizuri zaidi kwa wote wawili?" Swali hili wengi hawaliulizi, wanakimbilia kupeana mikono. Mzee akafikiri, akasema lori lake linaleta nazi Dar kila Alhamisi na kurudi Bagamoyo tupu. Mimi nilikuwa nimetenga 750,000 za kukodi Fuso safari tatu. Nikampunguzia 300,000 kwenye jumla, 450,000 zikabaki kwangu. Alhamisi hii lori linakuja kuchukua vichwa vya vitanda vya kwanza.

Wewe wa Morogoro, ukienda kwa mwalimu mkuu, usimwambie kwamba tangu Januari hujapata kazi kubwa. Mwambie kitambaa kikinunuliwa kwa jora bei inashuka, kisha nyamaza, usikie kama atakwambia wanafunzi wapya wanaripoti lini.