Jaribio la Baiolojia, kiazi na kayabo

*Shikamoo mwalimu. Nafundisha Baiolojia kidato cha pili, shule yetu iko Ilemela karibu na mwalo. Nimetunga jaribio la alama 40 la mada ya usafirishaji wa vitu katika viumbe hai. Mwalimu wa taaluma kaniuliza lina uhalali gani, nikamjibu kwamba maswali yote yametoka ndani ya mada. Akasema huo ni uhalali wa maudhui tu, nitafute na wa dhana na wa kigezo. Chuoni nilikariri fasili zote tatu, ila kwa karatasi yangu mwenyewe sijui nianzie wapi. Nimeambatisha jaribio na azimio la kazi.*

Marahaba, mwalimu. Nimelisoma jaribio lako pamoja na azimio, na nianze kwa kukukwaza kidogo: hata huo uhalali wa maudhui bado hujaupata. Kusema maswali yote yametoka ndani ya mada ni kusema hakuna mgeni aliyeingia. Bado hujasema kama wenyeji wote wamo.

Chukua azimio lako uhesabu. Mada umeifundisha kwa vipindi 20: mtawanyiko na osmosisi vipindi 5, moyo na mishipa 6, damu 5, usafirishaji katika mimea 4. Alama 40 kwa vipindi 20 ni alama 2 kwa kila kipindi, kwa hiyo jaribio linalofuata ulivyofundisha lingekuwa na alama 10, 12, 10 na 8. Yako nimezihesabu: mtawanyiko na osmosisi 6, moyo 15, damu 16, mimea 3. Mwanafunzi aliyekesha na damu na moyo peke yake anaweza kupata 31, nawe ukamwandikia kwamba ameimudu mada, wakati hajui maji yanapandaje kutoka kwenye mizizi hadi kwenye jani.

Hiyo ndiyo kazi ya jedwali la utahini, ambalo wengi wetu tunalijaza baada ya kutunga maswali ili faili lionekane limekamilika. Lijaze kabla. Vipindi si sheria ya mwisho, maana mada ndogo inaweza kula vipindi vingi kwa sababu tu umeme ulikatika siku ya kuonyesha picha, lakini ukiachana navyo uwe na sababu ya kusema. Halafu angalia vitenzi. Malengo yako yanasema mwanafunzi aeleze, alinganishe, afanye jaribio la osmosisi. Kwenye karatasi, maswali mengi yanaanza na "taja" na "orodhesha". Mada imo, lakini kile ulichotaka wakifanye na hiyo mada hakimo, na upungufu huo nao ni wa maudhui. Mpe mwenzako wa Baiolojia malengo upande mmoja na maswali upande mwingine, bila kumwambia lipi linapima nini, ayaoanishe mwenyewe. Akishindwa kulipatia swali lengo lake, shida iko kwenye swali.

Sasa uhalali wa dhana, na hapa nitakaa. Dhana ni kile kitu kisichoonekana ambacho alama inadai kukiwakilisha, na kwako ni kuelewa usafirishaji wa vitu. Hujawahi kukiona kichwani mwa mwanafunzi. Unaona wino tu. Unachojiuliza ni kama wino huo umeletwa na uelewa au umeletwa na kitu kingine.

Tazama swali lako la 14, la kipande cha kiazi kilichowekwa kwenye maji ya chumvi kikalegea na kufupika. Mimi nililitunga karibu vilevile miaka hiyo nikifundisha shule moja ya kando ya ziwa. Kijana mmoja aliliacha tupu. Wakati wa kusahihisha nilimwita nje, nikamuuliza jambo lilelile kwa Kiswahili. Akacheka. "Mwalimu, si kama kayabo? Sangara ukimpaka chumvi anatoa maji, anakauka." Nyumbani kwao walikuwa wanakausha samaki, na hilo alikuwa akiliona tangu anajua kutembea. Nikaona haya, kwa sababu karatasi yangu ilikuwa ya Kiingereza, swali lina mistari minne na maneno mawili ambayo hata mimi nilihitaji kuyatafutia visawe. Nilikuwa nimepima Kiingereza nikakiita Baiolojia. Kalamu ikawa tayari mkononi kumpa alama zote 4.

Bahati nzuri nikamuuliza la pili. "Na tukitia sukari nyingi badala ya chumvi?" Akatikisa kichwa. Sukari haikaushi samaki, akasema, kiazi kitabaki vilevile. Nikaelewa kwamba alichokuwa nacho ni ujuzi wa chumvi. Osmosisi hakuwa nayo: utando unaopitisha maji na kuzuia vingine, maji yakihama kutoka upande wenye mchanganyiko hafifu kwenda upande mzito, uwe mzito kwa chumvi au kwa sukari. (Kayabo yenyewe si mfano safi wa osmosisi, maana seli za samaki aliyekufa haziwezi tena kulinda utando wake na chumvi inaingia ndani ya nyama. Lakini nani angemlaumu kijana kwa hilo?)

Kwa hiyo swali moja lilikuwa na makosa mawili yanayovuta pande tofauti. Lugha ilimshusha yule ambaye huenda anajua, na maisha ya mwaloni yangempandisha yule ambaye hajui, laiti angeisoma lugha. Mtoto wa Ilemela na mtoto ambaye hajawahi kuona samaki akitiwa chumvi wangepata alama tofauti kwa sababu isiyohusu somo lako kabisa. Wataalamu wa upimaji wanasema dhana huharibika kwa njia mbili: kuacha sehemu yake nje, kama ulivyoiacha mimea, au kuingiza kisichohusika, kama lugha na kayabo. Ndiyo maana baada ya Messick mwaka 1989, akijenga juu ya kazi ya Cronbach na Meehl ya mwaka 1955, wengi hawazioni tena hizi kama aina tatu zinazosimama mbalimbali. Maudhui na kigezo ni ushahidi unaopelekwa kwenye shauri moja, nalo ni hili la dhana.

Kwa swali la 14 fanya hivi. Andika sentensi fupi, zenye maneno uliyoyatumia darasani. Weka vipande viwili vya kiazi kwenye maji yaleyale yenye sukari nyingi, kimoja kibichi na kingine kilichochemshwa, uulize kipi kitalegea na kwa nini. Kibichi kitapoteza maji. Kilichochemshwa hakitafanya osmosisi, kwa kuwa moto umeharibu utando wa seli. Aliyeshika chumvi tu hapiti hapo. Lakini kuna sharti moja ambalo walimu hulisahau: usiwe umelifanya jaribio hilohilo darasani na kuwapa jibu waandike. Ukishawapa, swali lilelile, neno kwa neno, linageuka kipimo cha kumbukumbu. Uhalali haukai kwenye karatasi peke yake. Unategemea pia nani anajibu, alifundishwa nini, na wewe unataka kusema nini kwa alama yake.

Kabla ya kuchapa, jaribu na wanafunzi watano au sita wa mkondo mwingine waliokwisha kusoma mada. Waambie wafikiri kwa sauti wakati wanajibu. Baadaye, matokeo yakitoka, chukua waliofeli swali hilo kama kumi, uwaulize kwa mdomo kwa Kiswahili. Wakieleza vizuri wengi wao, hujapima ulichodhani. Unaweza pia kulinganisha alama zao za jaribio na alama za Kiingereza, halafu na alama za kazi za maabara. Masomo yote huenda pamoja kwa kiasi, mtoto mwenye bidii ana bidii kote, kwa hiyo usishtuke ukiona uhusiano na Kiingereza. Shtuka ukiona jaribio lako la Baiolojia linakwenda na Kiingereza kwa karibu kuliko linavyokwenda na maabara ya Baiolojia.

Uhalali wa kigezo mwalimu wa taaluma hawezi kuudai leo, kwa sababu hauwezi kuwepo kabla ya watu kufanya jaribio. Unahitaji alama zako na alama za kipimo kingine cha nje. Kipimo hicho kikifanyika karibu wakati uleule, mfano moko, unaangalia kama vinakubaliana sasa. Kikija baadaye, mfano Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, unaangalia kama jaribio lako linatabiri. Hesabu ya haraka ni ya nafasi. Tuseme wanafunzi wanane walioshika nafasi ya 1 hadi ya 8 kwako, kwenye moko wameshika kwa mfuatano huohuo nafasi ya 2, 1, 4, 3, 6, 8, 5 na 7. Tofauti za nafasi ukizipiga kipeo cha pili na kuzijumlisha zinatoa 14.

```
1 - (6 × 14) / (8 × (8² - 1)) = 1 - 84/504 = 0.83
```

Moja kamili ni kukubaliana kabisa, sifuri ni kutohusiana, kwa hiyo 0.83 ni uhusiano mkubwa. Wanane nimewatumia ili uione hesabu tu. Kwa kazi yenyewe tumia darasa zima, maana kwa watu wachache hivyo mtoto mmoja aliyeugua siku ya moko anaweza kulivuruga jibu. Wala usichukue waliofaulu vizuri peke yao. Wakiwa wamebanana alama 34 hadi 38, nafasi zao zinabadilika kwa kosa la kuandika tu, na uhusiano utaonekana dhaifu hata kama jaribio ni zuri.

Sasa rudi kwa yule kijana wa kayabo. Moko nayo ni ya Kiingereza. Kama karatasi yako inapima Kiingereza kwa siri, na moko inapima Kiingereza kwa siri, mtakubaliana sana, nawe utapeleka 0.83 ofisini kwa furaha. Ndiyo sababu namba hii huwa siiamini mpaka niwe nimeshawauliza watoto kwa mdomo.

Na kwa matumizi yako, sidhani kama unaihitaji sana. Kama alama ni za kujua nani arudie osmosisi kabla hujaingia mada inayofuata, maudhui na dhana vinatosha, na yote mawili unaweza kuyarekebisha wiki hii. Kama shule inataka kutumia alama hizohizo kuchagua watakaoingia kambi ya maandalizi ya upimaji wa kitaifa, hapo mwalimu wa taaluma ana haki ya kudai kigezo. Mtunzie orodha ya alama za mwaka huu, matokeo ya kitaifa yakitoka mzilinganishe pamoja.

Alama 5 zilizopungua kwenye mimea zitoe kwenye damu. Swali la 6 na la 9 yote yanauliza kazi za chembe nyeupe.