Rangi ya nywele na kinyozi kwa kiti kimoja

"Nafanya kazi peke yangu hapa Kayole. Mtu wa rangi amebuki saa nne asubuhi, halafu anaingia wa kunyoa bila miadi. Nimpange wapi?"

Usiandike rangi kama kazi moja ndefu. Igawe: kupaka dakika 30, kusubiri ishike dakika 35, kuosha na kukausha dakika 30. Kwa hivyo kuanzia saa nne na nusu mikono yako iko huru mpaka saa tano na dakika 5. Mwenye rangi ahamie benchi, wa kunyoa akae kitini. Kunyoa kwa dakika 20 kunatosha hapo na unabaki na akiba. Akianza kutaka skrabu pia (na wataitaka tu!), mwambie arudi saa tano na dakika 40, kwa sababu rangi ikipitisha muda ulioandikwa kwenye pakiti, nywele zinaweza kuharibika.