Orodha ya waliohudhuria webina ya Zoom

"Fomu na vikumbusho viko sawa, ila orodha niliyopakua ina watu ambao hawakuingia. Kwa nini?"

Hiyo ni Registration Report, ya waliojiandikisha tu. Webina ikiisha, ingia Reports, kisha Webinar, uchukue Attendee Report, ubakize wenye Yes kwenye safu ya Attended. Mimi huitumia kutoa vyeti. Mtandao ukimkata mtu akarudi, anapata mistari miwili. Wapo wanaosema ufute mistari yenye barua pepe inayojirudia; wamepatia nusu, kwani inabidi kwanza ujumlishe safu ya Time in Session, la sivyo unampunja dakika zake. Tena kama fomu yako iliuliza namba ya simu, usiibofye tu faili ya CSV uliyopakua ikafunguka Excel: 0712 itageuka 712. Iingize safu hiyo kama Text. Wanaotazama wawili kwenye simu moja, hapo sina dawa.